Upungufu wa Mzigo: Kuuandika Lori Likiwa Bado Uwanjani na Kumtaka Muuzaji Aurekebishe

Maelezo kwa wajumbe wa kamati za mapokezi, viongozi wa vijiji na wananchi wa kata za Tarime na Serengeti



Katika miradi ya madarasa na zahanati inayojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, kazi hugawanywa kwa kamati tatu: ya ununuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Kamati ya ununuzi hutafuta bei na kumchagua muuzaji. Kamati ya ujenzi humsimamia fundi. Katikati yao wapo wajumbe wa mapokezi, ambao mara nyingi ni wakulima, wafugaji na akina mama wa kijiji kilekile, na kazi yao kwa mbali huonekana nyepesi, maana ni kusimama kando ya lori na kuhesabu. Hata hivyo wao ndio pekee wanaouona mzigo ukitoka mikononi mwa muuzaji na kuingia mikononi mwa umma. Saa hiyo ikipita, hakuna afisa wa wilaya wala mkaguzi anayeweza kuirudisha, na kila atakayekuja baadaye atasoma tu kile walichokiandika.

Mzigo husafiri na karatasi, na ni vema karatasi hizo zisichanganywe. Hati ya agizo hutoka shuleni na kusema nini kimetakiwa, kiasi gani na kwa bei gani. Hati ya kukabidhi mzigo hutoka kwa muuzaji, husafiri na dereva, na husema nini kimepakiwa. Ankara hudai fedha. Hati ya mapokezi huandikwa na wapokeaji wenyewe na husema nini kimefika kweli. Hati ya kukabidhi ni maneno ya muuzaji mpaka pale mpokeaji anapotia sahihi. Baada ya sahihi inakuwa maneno ya wote wawili. Kwa sababu hiyo dereva huitoa mapema na kalamu mkononi, hata kabla turubai halijafunguliwa, akieleza kwamba safari ni ndefu na giza linakaribia. Si lazima awe na nia mbaya, kwani naye anadaiwa nakala iliyotiwa sahihi huko alikotoka. Lakini sahihi inayotiwa kabla ya kuhesabu huthibitisha jambo ambalo mtiaji sahihi hajaliona.

Mfano mmoja utafaa kuliko maelezo mengi. Chukulia shule ya sekondari katika mojawapo ya kata zilizo karibu na Mugumu, iliyoagiza mifuko 300 ya saruji ya kilo 50 kwa bei ya shilingi 18,000 kila mfuko. Fedha ya agizo zima ni shilingi 5,400,000. Lori linatoka Mwanza, linapita Bunda na Natta, na linafika shuleni jioni ya tarehe 11 Machi huku mvua ikinyemelea. Dereva anakabidhi hati ya mzigo inayosema mifuko 300, na ankara inayodai fedha ya mifuko 300.

Kamati inayoijua kazi yake haihesabu saruji ikiwa juu ya lori. Mifuko iliyopangwa garini huonekana kwa nje tu, na mpangilio wenye uwazi katikati hautofautiani na uliojaa. Kuzidisha safu kwa safu ni kukisia. Hesabu hufanywa mlangoni mwa stoo, mfuko mmoja mmoja, na watu wawili wasiotazamana daftari: mmoja ni mjumbe wa mapokezi, mwingine ni mtunza stoo. Kila mmoja hupiga mstari kwa kila mfuko unaopita, na kila mstari wa tano hukatisha minne iliyotangulia, ili kila fungu liwe la mitano. Ndani ya stoo mifuko hupangwa kumi kumi juu ya mbao, ili baada ya upakuzi hesabu ya tatu ipatikane kwa kutazama milundo tu. Dereva au msaidizi wake husimama hapo hapo mlangoni. Asiposimama, leo hatabisha, lakini kesho muuzaji atabisha kwa niaba yake.

Katika mfano huu madaftari yote mawili yanatoa 286. Miongoni mwa hiyo, mifuko 5 imepasuka na saruji yake imeshaganda kwa maji, nayo inawekwa kando. Stoo ina milundo 28 ya mifuko kumi na mfuko mmoja pembeni, yaani mifuko 281 mizima.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuandika kwamba imepungua 19. Hesabu hiyo ni sahihi kwa fundi, lakini kwa muuzaji ni mambo mawili tofauti. Mifuko 14 haikufika. Mifuko 5 imefika ikiwa haifai. Ile 14 muuzaji ataitafuta kwa kuangalia daftari la upakiaji, kumuuliza dereva na kuhesabu ghala lake. Ile 5 ataiuliza kwa njia nyingine: iliharibika ghalani, au njiani kwa turubai bovu, au uwanjani pa shule wakati wa kupakua? Mambo hayo yakiunganishwa katika tarakimu moja, muuzaji ana haki ya kujibu kwamba haelewi anachodaiwa, na majuma mawili yanapotea kwa kuandikiana barua. Tena ile 5 ibaki shuleni, ikiwa na alama, mpaka muuzaji aseme kama ataichukua. Ikimwagwa kwa fundi wa msingi ili isipotee, madai yake yamekwisha.

Kabla lori halijawashwa, hesabu huandikwa juu ya hati ya kukabidhi yenyewe, katika nakala zote, ile ya dereva na ile inayobaki. Tarakimu 300 haifutwi wala haigeuzwi kuwa 286, kwa kuwa hati iliyofutwa humfanya kila msomaji ajiulize nani aliifuta. Chini yake au pembeni huandikwa kwa maneno kamili: "Imepokelewa mifuko 286 tu, pungufu mifuko 14. Kati ya iliyopokelewa, mifuko 5 imepasuka na kuganda, haikukubaliwa." Hufuata tarehe, saa, namba ya gari, majina na sahihi za wajumbe waliohesabu, na sahihi ya dereva. Maneno yanayotumika sana ya "tumepokea mzigo, haujahakikiwa" hayasaidii sana, maana hayasemi kama kuna upungufu wala ni wa kiasi gani.

Dereva anaweza kukataa. Huenda ameonywa na mwajiri wake asiandike chochote, au anaogopa kukatwa mshahara. Si kazi ya kamati kumlazimisha, wala kulizuia gari, jambo linaloweza kuzua ugomvi usiohusu saruji. Huandikwa tu kwamba dereva alikuwapo wakati wa kuhesabu na amekataa kutia sahihi, kisha mwenyekiti wa kijiji au mtendaji hutia sahihi kama shahidi. Mkuu wa shule humpigia muuzaji simu saa ile ile, lori likiwa bado uwanjani, na saa ya simu huandikwa. Simu hiyo haichukui nafasi ya barua. Inamwondolea muuzaji nafasi ya kusema kwamba alipata habari baada ya wiki, wakati stoo ilikuwa imeshafunguliwa mara kumi. Picha za milundo na za mifuko iliyopasuka, zilizopigwa kwa simu ya mjumbe yeyote, nazo huhifadhiwa.

Asubuhi ya pili barua huandikwa. Mwandikaji ni mkuu wa shule, kwa kuwa agizo lilitoka kwake. Kamati humpa hesabu, haimwandikii muuzaji moja kwa moja. Barua nzuri ya aina hii haizidi ukurasa mmoja, na inaweza kusomeka hivi:

"YAH: UPUNGUFU WA SARUJI KATIKA HATI YA KUKABIDHI NA. 0417 YA TAREHE 11 MACHI

Tafadhali rejea agizo letu la mifuko 300 ya saruji ya kilo 50 na hati yako ya kukabidhi yenye namba iliyotajwa hapo juu.

Mzigo ulifika shuleni tarehe 11 Machi saa 11:20 jioni na ulihesabiwa mlangoni mwa stoo mbele ya dereva wako. Hati inaonesha mifuko 300. Iliyofika ni mifuko 286, hivyo imepungua mifuko 14. Kati ya iliyofika, mifuko 5 ilikuwa imepasuka na kuganda, nayo haikukubaliwa. Imetunzwa kando kwa ajili ya kuchukuliwa. Mifuko iliyokubaliwa ni 281.

Unaombwa kufanya mojawapo ya mambo mawili kabla ya tarehe 19 Machi: ama kuleta mifuko 19 kwa gharama yako, ama kurekebisha ankara kutoka shilingi 5,400,000 hadi shilingi 5,058,000, ambayo ni thamani ya mifuko 281 kwa bei ya shilingi 18,000.

Tafadhali tujulishe kwa maandishi umechagua lipi. Nakala ya hati ya kukabidhi yenye maelezo ya wapokeaji, hati ya mapokezi na picha zimeambatishwa."

Msomaji makini ataona kwamba barua hii haina neno wizi, wala udanganyifu, wala masikitiko. Sababu yake ni ya vitendo kuliko ya adabu. Asubuhi ile shule inajua jambo moja tu, kwamba mlangoni pamepita mifuko 286. Haijui kama mifuko 14 haikupakiwa Mwanza, au ilishushwa njiani, au mpakiaji alihesabu vibaya. Barua inayodai kisichojulikana humpa muuzaji nafasi ya kujibu tuhuma na kuiacha hesabu. Barua inayosema tarakimu, mahali na saa haimwachii la kujibu isipokuwa tarakimu.

Ataona pia kwamba muuzaji amepewa njia mbili na siku ya mwisho. Barua inayoomba tu "ulifanyie kazi suala hili" hujibiwa kwa ahadi. Kati ya njia hizo, ipi ni bora hutegemea fundi. Kama sakafu inamwagwa wiki ijayo, mifuko inahitajika kuliko shilingi. Mifuko 19 kwa zege la mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne hutoa karibu meta za ujazo 3, yaani sakafu ya unene wa sentimeta 10 kwa eneo la karibu meta za mraba 30. Katika darasa la meta 9 kwa 7 hiyo ni karibu nusu ya sakafu. Upungufu wa aina hii usipodaiwa hauonekani kama shimo katika fedha. Huonekana miaka miwili baadaye, wakati fundi aliyeambiwa "tumia iliyopo" ameunyoosha mchanganyiko kwa mchanga na sakafu inavunjika chini ya madawati.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko upande wa mpokeaji mwenye maandishi. Muuzaji anapoleta kiasi pungufu ya kilichokubaliwa, mnunuzi anaweza kukikataa. Akikikubali, hulipia alichopokea kwa bei ya mapatano. Shule haina haja ya kuikataa mifuko 281 mizima kwa sababu ya ile iliyokosekana, wala hailazimiki kulipia 300 kwa sababu tu ankara imesema hivyo.

Jambo hilo huwa gumu pale fedha ilipotangulia. Maduka mengi hutaka malipo kwanza, na shule iliyokwisha kulipa shilingi 5,400,000 haina tena ankara ya kuzuia. Imebaki na barua na uvumilivu. Kamati ya ununuzi inayoweza kupata mapatano ya kulipa baada ya mapokezi na ipate, hata kama bei itapanda kidogo. Isipowezekana, barua ibaki ile ile, isipokuwa njia ya pili inakuwa kurudishiwa shilingi 342,000 katika akaunti ya shule, si mkononi mwa mtu yeyote. Risiti ya kielektroniki iliyokwisha kutoka haifutwi kwa kalamu. Marekebisho yake hutolewa na muuzaji kwa hati nyingine inayoitaja ile ya kwanza.

Sasa leja ya stoo. Mtunza stoo, ambaye kwa kawaida ni mwalimu mwenye vipindi vyake, hushawishika kuandika 300 kwa kuwa 19 "inakuja". Kwa kufanya hivyo amehamisha upungufu kutoka kwa muuzaji na kujibebesha mwenyewe. Leja ikisema 300 na stoo ikiwa na 281, mkaguzi wa ndani hatauliza kuhusu lori la Mwanza; atauliza nani ana ufunguo. Huandikwa mifuko 281, na katika safu ya maelezo hutajwa namba ya hati ya kukabidhi na upungufu uliodaiwa. Mifuko mingine ikifika huandikwa siku ile inapofika. Mifuko 5 mibovu haiingii katika salio.

Muuzaji anaweza kujibu kwamba daftari la ghala lake linaonesha 300. Jibu hilo si la kudharauliwa, na linaweza kupimwa. Mifuko 300 ina uzito wa kilo 15,000, na mifuko 286 kilo 14,300. Tofauti ya kilo 700 huonekana katika mizani ya barabara kuu, na gari lililopita hapo lina karatasi yake. Muuzaji aombwe nakala. Uzito wa gari tupu, mafuta na abiria huleta tofauti ndogo, kwa hiyo karatasi hiyo haithibitishi mfuko mmoja au miwili. Kwa mifuko 14 inatosha kuonesha upungufu ulitokea kabla ya mizani au baada yake. Ikiwa ulitokea baada yake, muuzaji na mwenye gari wanalo la kuzungumza wao kwa wao. Deni kwa shule halibadiliki, maana mapatano yalikuwa kuleta mzigo shuleni. Lakini kama agizo lilisema shule itachukua mzigo ghalani kwa gari iliyolikodi yenyewe, basi hesabu iliyopaswa kufanywa ni ile ya ghalani, na barua ya namna hii kwa muuzaji haina nguvu. Agizo lisomwe kabla ya kuandika.

Upo upungufu usioonekana kwa kuhesabu. Nondo ndio mfano mkubwa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa meta 12 hukaribia kilo 10.7. Iliyovutwa mpaka milimita 11 huwa karibu kilo 9, na kwa jicho, ikiwa imefungwa katika kifurushi, hakuna anayeitambua. Kamati huhesabu nondo 80, hati inasema 80, na kila mtu anatia sahihi kwa amani huku zaidi ya kilo 130 za chuma hazijafika. Mizani ya mazao inayotumika kijijini inatosha: nondo tano huchaguliwa kutoka vifurushi mbalimbali, hupimwa pamoja, na jumla ikiwa karibu kilo 53 hakuna neno, ikiwa kilo 45, huandikwa juu ya hati ya kukabidhi kama ilivyoandikwa saruji, na mhandisi wa halmashauri huitwa kabla fundi hajakata hata nondo moja, kwa sababu hili si suala la fedha pekee. Saruji nayo ipimwe mifuko michache. Mifuko mingi ikipungua kilo 50, hiyo ni habari ya Wakala wa Vipimo pamoja na muuzaji. Mchanga na kokoto hupimwa kwa futi ya fundi ndani ya tela kabla ya kumwagwa, urefu kwa upana kwa kina, maana neno "tripu" kila dereva analipima kwa tela lake.

Muuzaji wa mfano huu, baada ya barua na simu mbili, analeta mifuko 19 tarehe 18 Machi na kuichukua ile 5. Dereva ana hati mpya ya kukabidhi. Mpokeaji huandika juu yake kwamba mifuko hiyo ni kukamilisha hati Na. 0417 na haina ankara nyingine. Bila maneno hayo, mwisho wa mwezi mhasibu wa muuzaji, ambaye hajui habari ya upungufu, atatuma ankara ya mifuko 19 kwa shilingi 342,000, na mhasibu wa shule akiwa na hati yenye sahihi mkononi atailipa. Leja huandikwa 19, salio linakuwa 300, ankara ya kwanza hulipwa kama ilivyo, na karatasi zote, yaani agizo, hati mbili za kukabidhi, hati mbili za mapokezi, barua na majibu yake, hubanwa pamoja na hati ya malipo katika jalada moja ambalo mwananchi yeyote wa kijiji anaweza kuomba kuliona kupitia serikali ya kijiji chake.